Manukato yasiyo na pombe: roloni ya mafuta na manukato ya nta kwa mama anayelea

Mama, pengine umeacha pafyumu ya kupulizia kwa sababu ya dini yako. Pengine ngozi yako hupasuka na kuwasha kila ukijipulizia. Au nyumbani kuna mtu aliyeacha gongo, na hataki tena kunusa kitu chochote chenye harufu ya spiriti. Sababu zote hizi tunazisikia kliniki, Kasulu na Kibondo, na zote ni za kweli.

Wengi wakiacha pafyumu ya spiriti hukimbilia uturi, yale mafuta mazito yanayouzwa katika vichupa vidogo. Uturi mzuri ni ghali, na ule wa bei ndogo mara nyingi hauna maandishi ya kukuambia kilichomo. Lakini kuna njia nyingine mbili ambazo unaweza hata kuzitengeneza mwenyewe: roloni ya mafuta, yaani kichupa chenye gololi mdomoni, na manukato ya nta, ambayo ni magumu kama mafuta ya mdomo na hupakwa kwa kidole.

Ukurasa huu unaeleza jinsi ya kuzitambua, kuzitengeneza na kuzitumia ukiwa na mtoto mdogo. Shika jambo moja tangu mwanzo: kuondoa pombe hakuondoi ukali wa harufu yenyewe. Mara nyingi ngozi huumizwa na harufu, wala si pombe.

Pombe hufanya kazi gani ndani ya pafyumu

Pafyumu nyingi za kupulizia zina ethanoli zaidi ya asilimia 70. Ethanoli ndiyo pombe ile ile iliyo kwenye vinywaji, ila ya kiwandani huongezwa kitu kichungu au chenye sumu ili watu wasiinywe. Kazi yake ni kubeba harufu. Ukipuliza, pombe hukauka kwa sekunde chache na kuitupa harufu hewani. Ndiyo maana mtu aliyejipulizia hujulikana kabla hajafika mlangoni.

Pombe hiyo hukausha mafuta ya asili ya ngozi, na huchoma pale ngozi ilipochubuka au yenye pumu ya ngozi. Hushika moto haraka ukijipulizia karibu na jiko au koroboi. Mtoto mdogo akiinywa, sukari yake mwilini inaweza kushuka hadi akapoteza fahamu. Na mtu anayetumia dawa ya kuacha pombe iitwayo disulfiram huambiwa asijipake kitu chenye ethanoli, maana anaweza kupata joto usoni, mapigo ya moyo kwenda mbio na kichefuchefu.

Kwenye roloni na manukato ya nta, kazi ya kubeba harufu hufanywa na mafuta. Mafuta hayakauki. Harufu hutoka polepole, hubaki karibu na mwili, na hudumu. Usitegemee jirani wa kiti cha nyuma kanisani ainuse. Watu wengi huongeza matone kwa kudhani manukato hayafanyi kazi, na hapo ndipo shida huanzia, kama utakavyoona hapa chini.

Kumbuka pia kwamba kwa kuwa mafuta hayakauki, kile ulichojipaka asubuhi bado kiko juu ya ngozi yako mchana, unapomnyonyesha mtoto.

Ukinunua dukani: soma kibandiko

Neno roloni linaeleza umbo la chupa tu. Roloni nyingi za kwapani zina maji, na baadhi zina ethanoli nyingi. Kwa hiyo geuza chupa usome orodha ya vilivyomo. Ukiona Alcohol, Alcohol Denat., SD Alcohol, Ethanol au Ethyl Alcohol, hiyo ni pombe unayoikwepa.

Kuna maneno yanayowatisha watu bure. Cetyl Alcohol, Stearyl Alcohol na Cetearyl Alcohol yana neno hilo hilo, lakini hivi ni vitu vya mafuta, vigumu kama nta, vinavyowekwa ili losheni iwe nzito. Havilewshi wala havikaushi ngozi. Benzyl Alcohol nayo si pombe ya kulewa, ila inaweza kuwasha ngozi ya baadhi ya watu. Kama swali lako ni la dini, wanazuoni wana mitazamo tofauti kuhusu pombe ya kujipaka, kwa hiyo muulize shehe wako. Sisi hapa tunaweza kukuambia tu kilichomo ndani ya chupa.

Kichupa kisicho na kibandiko unaweza kukijaribu kwa karatasi. Weka tone moja kwenye karatasi nyeupe na tone la mafuta ya kupikia pembeni yake, kisha ziache hadi kesho yake. Kama doa la kwanza limekauka na karatasi imerudi kama zamani, kilichokuwemo ni spiriti au kitu kingine kinachoruka. Kama limebaki doa linalopitisha mwanga kama lile la mafuta ya kupikia, basi kuna mafuta ndani. Unaweza pia kuhisi kwenye kidole: spiriti hupoza ngozi na kutoweka, mafuta hubaki yakiteleza. Usijaribu kwa kiberiti.

Jaribio hili haliwezi kukuonyesha kama kuna pombe kidogo iliyochanganywa na mafuta mengi. Kwa anayetaka uhakika kamili, kilicho salama ni chupa yenye orodha ya vilivyomo, jina la mtengenezaji na tarehe ya mwisho wa matumizi, au kile ulichotengeneza kwa mkono wako. Tangu mwaka 2019 vipodozi nchini viko chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, na bidhaa ya mashaka inaweza kupelekewa taarifa huko.

Kisa cha shavu la kushoto

Mama mmoja alimleta mtoto wa miezi 5 kupima uzito. Uzito ulikuwa mzuri, lakini shavu la kushoto la mtoto lilikuwa jekundu, kavu, lenye vipele vidogo. Shavu la kulia lilikuwa safi kabisa. Mama alishasikia kila ushauri: ni joto, ni meno, ni sabuni. Alishabadilisha sabuni mara mbili.

Kipele cha joto huwa hakichagui upande mmoja. Tulipomwomba ambebe mtoto kama anavyombeba siku zote, alimlaza kwenye bega lake, na shavu la kushoto la mtoto likakaa juu ya shingo yake. Shingoni kwake palikuwa na harufu ya karafuu.

Alikuwa ameacha pafyumu kwa sababu ilimwasha, akajitengenezea roloni isiyo na pombe. Alichukua kichupa cha mililita 10, akajaza mafuta ya alizeti, akaongeza mafuta ya karafuu. Matone mangapi? Mwanzo 10. Harufu ilikuwa ndogo, akaongeza hadi 30.

Tupige hesabu pamoja naye. Mililita 1 ni takriban matone 20, kwa hiyo kichupa cha mililita 10 kina takriban matone 200. Mafuta ya karafuu yana kitu kiitwacho eujenoli, ambacho kwa wingi huchoma ngozi na kuleta mzio. Kiwango cha kubaki juu ya ngozi ya mtu mzima hakipaswi kuzidi nusu ya asilimia 1. Nusu asilimia ya matone 200 ni tone 1. Yeye aliweka 30, yaani mara 30 ya kiwango cha mtu mzima, na kilichoguswa ni ngozi ya mtoto wa miezi 5, ambayo ni nyembamba zaidi.

Aliacha roloni, akaosha shingo yake na kanga zake kwa sabuni ya kawaida, akampaka mtoto mafuta ya mgando yasiyo na harufu mara mbili kwa siku. Baada ya wiki mbili shavu lilikuwa limepona. Hakukuwa na haja ya dawa ya duka. Krimu za duka zisizo na cheti nyingi huwa na steroidi kali, na mtoto hapaswi kupakwa kwa kubahatisha.

Tuliona pia kwamba mama mwenyewe alikuwa na wekundu kidogo nyuma ya sikio. Yeye alidhani amejikuna.

Kutengeneza roloni ya mililita 10

Unahitaji kichupa chenye gololi, mafuta ya kuchanganyia, mafuta ya harufu, na bomba la sindano jipya lisilo na sindano, la kupimia.

Anza na chupa. Ioshe kwa sabuni na maji ya moto, kisha iache ikauke hadi ndani kabisa, hata kama itachukua siku nzima, na gololi vilevile. Manukato ya mafuta hayana maji, ndiyo maana hayahitaji dawa ya kuzuia kuoza. Maji kidogo yakibaki chini ya chupa, vijidudu na ukungu hupata pa kuishi. Kwa sababu hiyo hiyo usiloweke maua mabichi wala majani ya mchaichai mabichi ndani, na usikamulie ndimu. Majimaji ya ndimu na ya ganda lake yana ubaya mwingine: yakikaa juu ya ngozi na jua likapiga, ngozi huungua na kuacha doa jeusi la miezi mingi.

Sasa chagua mafuta ya kuchanganyia, na hapa hali ya hewa yetu ina neno lake. Watu wa pwani husifu mafuta ya nazi. Lakini mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Kasulu na Kibondo ziko juu, zaidi ya mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na asubuhi za mwezi wa sita na wa saba utaikuta gololi imekwama na mafuta meupe ndani kama samli. Hayajaharibika. Ukiweka kichupa mfukoni yatayeyuka, lakini inachosha kila siku. Mafuta ya mise, yale ya kokwa za mawese, hufanya hivyo hivyo. Mawese yenyewe hayafai, maana ni mazito, yana harufu yake, na rangi yake haitoki kwenye nguo.

Mafuta ya alizeti yaliyosafishwa hubaki maji hata kwenye baridi, hayana harufu kubwa, na yanapatikana kila duka. Ubaya wake ni kwamba huchacha, hivyo tengeneza kidogo na uyamalize ndani ya miezi 3. Njia nyingine ni mafuta ya maji ya watoto yasiyo na harufu, yanayoandikwa Paraffinum Liquidum. Hayachachi na hayagandi. Yaweke mbali na watoto, kwa sababu tutakayoieleza mwishoni.

Vuta mililita 9 za mafuta kwa bomba uzitie kwenye kichupa. Ongeza matone 4 ya mafuta ya harufu, ambayo ni takriban asilimia 2. Kama ni mafuta ya karafuu, mdalasini au mchaichai yaliyokamuliwa kwa mvuke, weka tone 1 tu. Mdalasini wa magome ni mkali kuliko yote, hata tone 1 ni kali mno kwa ngozi, kwa hiyo uache kabisa. Jaza mafuta yaliyobaki hadi shingo ya chupa, bana gololi, tikisa, kisha kiache kichupa gizani kwa siku 2 kabla ya kukitumia. Andika tarehe kwenye plasta ubandike.

Ukiona harufu ni ndogo, usiongeze matone. Jipake mara ya pili mchana. Mwenye pua ni wewe, na pua huzoea harufu ndani ya dakika chache. Anayekukumbatia bado anaisikia.

Kutengeneza manukato ya nta

Sehemu zetu za Kigoma zina bahati ya nta. Wafuga nyuki wa Kibondo, Kasulu na Kakonko hukamua asali na kubaki na masega, na nta hiyo ndiyo inayofanya mafuta yawe magumu.

Nta ya mzinga wa kienyeji huja na asali, mabawa ya nyuki na moshi wa wakati wa kurina. Isafishe kwanza. Iweke kwenye sufuria kuukuu yenye maji, chemsha taratibu hadi iyeyuke, chuja kwa kitambaa, uiache ipoe hadi kesho yake. Nta itaganda juu na maji kubaki chini. Itoe, kwangua uchafu uliokaa chini ya bamba, irudie mara moja tena, kisha ikaushe vizuri. Inuse. Kama bado inanuka moshi, harufu yako nzuri haitaushinda, tafuta nta nyingine. Kama una mzio wa asali au gundi ya nyuki, njia hii si yako.

Baada ya hapo fuata hatua hizi:

1. Weka nta kwenye kopo safi la bati, na kopo liwe ndani ya sufuria yenye maji yanayochemka polepole. Nta huyeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 65, chini ya joto la maji ya kuchemka, kwa hiyo maji yanatosha. Usiiweke moja kwa moja kwenye moto, kwani ikipata joto kali huwaka kama mafuta ya taa. Mtoto asiwe karibu: nta ya moto hunata kwenye ngozi na kuunguza zaidi ya maji.

2. Pasha kijiko cha chai kwenye maji ya moto na ukifute kikauke, maana nta hugandia kijiko cha baridi na kipimo hukosewa. Pima kijiko 1 cha nta iliyoyeyuka na vijiko 3 vya mafuta ya alizeti au ya nazi. Hapa mafuta ya nazi hayana shida, kwa kuwa tunataka yagande.

3. Changanya hadi viwe kitu kimoja kisicho na mabonge. Dondosha tone moja kwenye sahani baridi, subiri dakika moja, lisugue kwa kidole. Likiwa gumu kama mshumaa, ongeza mafuta nusu kijiko. Likiwa laini kama mafuta ya mgando, ongeza nta kidogo. Kipimo cha 1 kwa 3 kinatufaa huku juu. Kama unampelekea ndugu aliye Kigoma mjini, kando ya ziwa ambako ni chini na joto zaidi, tumia nta 1 kwa mafuta 2, la sivyo yatayeyuka mkobani.

4. Toa kopo kwenye maji. Subiri hadi uone kingo zinaanza kuwa nyeupe, ndipo utie harufu: matone 8 kwa kiasi hiki cha mililita 20, au matone 2 tu kama ni karafuu au mchaichai. Ukitia mapema, joto litaiondoa harufu yote hewani. Ukichelewa, nta itashika harufu sehemu moja na kuiacha sehemu nyingine, na kidole kitakachogusa pale penye harufu nyingi kitaungua ngozi.

5. Koroga haraka, mimina kwenye vikopo vidogo vikavu vyenye kifuniko, usivisogeze hadi vipoe.

Manukato haya hayamwagiki mkobani, na mtoto hawezi kuyanywa kwa mkupuo mmoja. Kwa nyumba yenye mtoto anayetambaa, mimi huyapendekeza kuliko roloni. Kwa anayetaka njia fupi kabisa, matone 2 ya harufu kwenye kijiko 1 cha mafuta ya mgando hufanya kazi hiyo hiyo, ingawa yatakuwa laini.

Jaribu kwenye kiwiko kwanza, kwa siku 7

Mzio wa harufu haujitokezi papo hapo. Unaweza kuchukua siku 1 hadi 3, na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo kujipaka mara moja na kusema sijaona kitu hakutoshi. Paka kidogo ndani ya kiwiko, mahali pale pale, asubuhi na jioni kwa siku 7. Ukiona wekundu, kuwasha au vipele, osha na uache. Mtu akishapata mzio wa harufu fulani, kwa kawaida hukaa nao maisha yote, na hata kiasi kidogo kitamrudishia. Karafuu ikikukataa leo, usiijaribu tena mwakani.

Mwenye pumu ya kifua ajue kwamba harufu yoyote, hata isiyo na pombe, inaweza kumbana. Kwake kipimo si ngozi. Akikohoa au kifua kikibana, manukato hayo yatoke nyumbani.

Pa kujipaka ukiwa na mtoto

Fikiria mwili wako kama ramani ya mahali mtoto anapogusa. Matiti, kifua, shingo, mabega na mikono hadi kiwiko ni vyake. Mgongo nao ni wake kama unambeba mgongoni, kwa kuwa uso wake hulala pale. Kinachobaki ni vifundo vya miguu, nyuma ya magoti na kiunoni. Paka hapo, subiri mafuta yaingie kwenye ngozi, ndipo uvae, maana mafuta huacha doa kwenye kitenge.

Mtoto mchanga humtambua mama kwa harufu ya mwili wake na ya maziwa, na humsaidia kulitafuta titi. Miezi 3 ya kwanza ni vizuri kuacha manukato kabisa. Usimpake mtoto wa chini ya miaka 2 manukato ya aina yoyote, wala usimtie mafuta puani. Mafuta ya mkaratusi, mnanaa na kafuri ni ya kuogopwa zaidi: yakiwa karibu na pua ya mtoto mchanga yanaweza kumbana pumzi.

Yakiharibika utajuaje

Mafuta yaliyochacha hunuka kama karanga za zamani au rangi ya mafuta, na huwasha ngozi iliyokuwa haina shida. Ukiona ukungu, utando, au roloni safi imekuwa na wingu lisiloondoka hata ukiipasha mfukoni, maji yameingia. Tupa. Manukato ya nta yenye unga mweupe juu hayajaoza, ni nta inayojitokeza kwenye baridi, yapanguse na uendelee.

Mtoto akinywa au yakimwingia machoni

Hatari kubwa nyumbani ni kile kichupa kidogo cha mafuta makali ya harufu ambayo hayajachanganywa. Mafuta ya mkaratusi au ya karafuu, hata chini ya kijiko kimoja cha chai, yanaweza kumletea mtoto mdogo degedege na kupoteza fahamu, na ya karafuu huumiza ini. Yafungie pamoja na dawa, juu, si kwenye meza ya kioo.

Mtoto akinywa mafuta makali au roloni, usimtapishe na usimpe maziwa ili atapike. Mafuta yakipanda tena yanaweza kuingia kwenye mapafu, na hili ni kweli hata kwa mafuta ya maji ya watoto ambayo tumboni hayana sumu kubwa. Mfute mdomo, chukua kichupa chenyewe uende nacho, na mfikishe kituo cha afya mara moja hata kama anacheza. Akikohoa bila kukoma, akipumua haraka, akilegea au akipata degedege, usisubiri usafiri wa bei nafuu.

Yakimwingia machoni, mwoshe kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mlete.

Mlete pia kliniki kama vipele havijapungua wiki moja baada ya kuacha manukato, kama vinatoa maji au usaha, au kama mtoto ana homa. Njoo na kila kichupa mnachotumia nyumbani, na mbebe kama unavyombeba siku zote.